Misumari 26 kiganjani: kisa cha picha iliyosomwa vibaya

Kisa hiki ni cha Goma. Majina, mtaa, duka na tarehe vimeondolewa. Kilichobaki ni misumari yenyewe, picha mbili na maamuzi yaliyotokana nazo. Kimeandikwa kwa ajili ya mafundi, wauzaji wa kenkayeri na wenye nyumba wanaosimamia ujenzi kwa simu, maana siku hizi swali la "huu ni msumari gani?" linaulizwa kwa picha mara nyingi kuliko msumari unavyoletwa mkononi.

Hali ilivyokuwa

Nyumba ni ya semi-dirabu, kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu: msingi wa mawe ya volkano, bloki mpaka usawa wa dirisha, juu yake mbao, na paa la manjanja. Ukuta mmoja wa ndani, unaotenga jiko, ni wa bloki mpaka juu. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Zilibaki tatu ndogo: kurudisha manjanja mawili ya baraza, kupiga plafon ya tripleksi katika chumba kimoja, na kutengeneza mlango wa mbao wa nyuma.

Mama mwenye nyumba anaishi Bukavu na pesa anatuma kwa simu. Fundi alikuwa na ndoo ya lita 5 iliyojaa misumari ya mabaki: mingine imeng'olewa nyumba ya zamani, mingine imebaki kwenye kazi za watu wengine, yote imechanganyika. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kabla ya kumwomba Mama pesa ya misumari mipya, alitaka kujua iliyomo ndoo inatosha kazi gani. Mama naye hajui misumari, lakini anamwamini Papa mmoja mwenye kenkayeri hapo Goma, aliyekuwa amemuuzia saruji na manjanja. Basi picha ikapita kwa watu watatu.

Picha ya kwanza

Ilipigwa saa kumi na mbili jioni, ndani ya nyumba, kwa mwanga wa simu. Fundi alichota misumari kwenye ndoo, akafungua kiganja, akapiga kutoka juu. Iliyoonekana ilikuwa 26. Vichwa vingi vilielekea lensi na ncha zilijificha kati ya vidole. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mama, hii ndiyo iko kwenye ndoo. Uulize ya kununua ni gani."

Mama hakuituma picha yenyewe. Alipiga picha ya skrini ya mazungumzo, akaituma hiyo, ili Papa aone na maneno ya fundi. Hapo picha ilipoteza sehemu kubwa ya ubora wake. Watsapu ilikuwa imeibana mara ya kwanza, skrini ikaipunguza, kisha Watsapu ikaibana tena. Papa alipoivuta kwa vidole viwili ili aone karibu, kila kichwa cha msumari kilikuwa doa lenye kingo za ukungu.

Jibu, na kwa nini lilionekana sahihi

Papa alihesabu mafungu matatu. Misumari mitano yenye kofia pana kama mwavuli: ya manjanja. Midogo minne, myembamba, yenye vichwa ambavyo havizidi sana mwili: ya tripleksi. Iliyobaki 17, yenye vichwa vya duara: misumari ya kawaida ya mbao, ya urefu mbalimbali. Kati ya hiyo 17, sita ilikuwa na rangi ya kijivu iliyokoza, karibu nyeusi, na urefu wa kidole cha shahada au pungufu. Papa aliiona. Aliandika: "Ile myeusi ni ya 5, imelala sana, imeshika kutu. Inafaa mlango."

Ukimfuata Papa hatua kwa hatua, huoni ujinga. Kila msumari wa kawaida ukikaa ndoo yenye unyevu hubadilika rangi. Na huku Goma, mvua inayopita kwenye moshi wa Nyiragongo huwa na asidi, hula zinki ya manjanja na ya misumari yake upesi, kwa hiyo ndoo ya misumari iliyong'olewa huwa na kila aina ya kahawia na nyeusi. Muuzaji wa hapa amezoea kutoiamini rangi. Tatizo ni kwamba safari hii rangi ndiyo iliyokuwa inasema kweli, na yeye hakuwa na kitu kingine cha kuilinganisha nayo: hakuona ncha, hakuona chini ya kichwa, hakuwa na kipimo.

Kutokana na jibu hilo yaliamuliwa mambo matatu. Ile myeusi itumike kwenye mlango. Inunuliwe kilo moja ya misumari ya beto ya sentimeta 5, kwa sababu kibao cha pembeni cha plafon kinapigwa kwenye ukuta wa bloki na ndoo ilidhaniwa haina ya beto. Na inunuliwe ya manjanja, kwa kuwa mitano haitoshi.

Kilichotokea kwenye mlango

Mlango ulikuwa wa mtindo wa kawaida: mbao za kusimama zenye unene wa sentimeta 2, zikishikwa kwa nyuma na vibao vitatu vya kulala vya unene huohuo. Msumari wa sentimeta 5 unapita mbao zote mbili, sentimeta 4, na ncha inatokea sentimeta moja upande wa pili. Ncha hiyo hukunjwa kwa nyundo ikalala juu ya kibao, na kukunja huko ndiko kunakoufanya mlango usilegee hata mbao ikikauka.

Mbao ilikuwa ya mkaratusi mkavu. Msumari wa kwanza ulipasua mbao kuanzia ukingoni. Fundi alidhani amepiga karibu mno na ukingo, akasogea ndani. Wa pili uliingia, wa tatu ukapasua tena. Alipoanza kukunja, ncha ya kwanza haikulala. Aliipiga kwa nguvu zaidi, ikakatika kwa mlio mkali, na kipande kikaruka kikamkata mwanafunzi wake chini ya jicho, juu ya mfupa wa shavu. Jeraha lilikuwa dogo, lakini lingekuwa sentimeta 2 juu zaidi, kisa hiki kingekuwa kingine.

Fundi aliendelea. Hili si la kumlaumu sana, maana msumari mmoja mbovu hutokea. Wa pili ulipokatika namna ileile ndipo aliposimama. Aliangalia sehemu iliyokatika: ilikuwa tambarare, ya kijivu, yenye chembechembe kama sukari, bila dalili ya kujipinda kabla ya kuvunjika. Msumari wa kawaida haukatiki hivyo. Ni waya wa chuma laini. Ukitaka kuukata kwa mkono huna budi kuukunja huku na huku mara kadhaa, na mahali unapokatika huwa pamevutika na kupinda. Kilichokatika mara moja kama chupa ni chuma kilichopikwa kikawa kigumu. Maana yake: msumari wa beto.

Mbao tatu za mlango zilikuwa zimepasuka. Kilo ya misumari ya beto ilikuwa imeshalipiwa, na ndoo ilikuwa nayo tayari.

Picha ya pili

Papa, alipoambiwa, hakubishana. Aliomba picha mpya na akaeleza ipigweje, na maelezo yake ndiyo sehemu ya kisa hiki inayofaa kunakiliwa.

Misumari itolewe kiganjani na kupangwa juu ya karatasi nyeupe, mmoja wa kila aina inayoonekana tofauti, imelazwa sambamba bila kugusana, vichwa vyote upande mmoja. Ipigwe mchana, karibu na dirisha au mlango uliofunguliwa, mwanga wa simu ukiwa umezimwa. Pembeni iwekwe batri moja ndogo ya toshi iliyoandikwa AA. Picha ya kwanza ya wote pamoja, kutoka juu kabisa. Kisha picha mbili za karibu kwa kila msumari: kichwa kikionekana kwa ubavu, na ncha. Zitumwe kama `Document`, si kama picha, ili Watsapu isizibane, na ziende moja kwa moja kwa Papa badala ya kupitia picha ya skrini.

Batri si mapambo. Batri ya AA ina urefu wa milimita 50.5 na upana wa milimita 14.5, iwe ya duka gani. Ukiweka rula juu ya skrini unapata kipimo cha kila kitu kilicho pembeni yake. Katika picha hii batri ilikuwa sentimeta 6.1 kwenye skrini ya Papa, na msumari mweusi sentimeta 6.0. Basi urefu wake wa kweli ni 6.0 gawanya kwa 6.1, zidisha kwa 50.5: karibu milimita 50. Unene wa mwili wake kwenye skrini ulikuwa sentimeta 0.42, yaani milimita 3.5. Papa alichukua msumari wa kawaida wa sentimeta 5 kutoka dukani kwake, akaupima: milimita 2.7. Urefu mmoja, lakini ule mweusi ulikuwa mnene kwa karibu theluthi zaidi. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini mbao ilipasuka hata kabla ya lolote kukatika.

Kuna kosa dogo ndani ya kipimo hiki, na ni vizuri kulijua. Batri ni nene, kwa hiyo mstari wake wa nje uko juu ya karatasi kuliko msumari, karibu na lensi zaidi, na hivyo huonekana mkubwa kidogo. Ukipiga kwa umbali wa sentimeta 20, msumari utapungua karibu 3 kwa mia. Ukirudi nyuma mpaka nusu mita na kuvuta picha karibu, kosa hushuka mpaka karibu 1 kwa mia. Kwa kutofautisha 2.7 na 3.5 halina madhara. Kwa kuamua kama msumari ni wa milimita 60 au 62, usikitegemee kipimo hiki.

Picha ya pili ilionyesha pia jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Kati ya misumari iliyohesabiwa kuwa ya kawaida, miwili ilikuwa na mwili uliosokotwa kama kamba, na mabaki ya zinki ndani ya misokoto. Ilikuwa misumari ya manjanja iliyopoteza kofia. Kofia ya mwavuli mara nyingi ni bati lililobanwa juu ya kichwa kidogo cha msumari. Likikamatwa na koleo wakati wa kung'oa, hutoka, na kinachobaki hufanana na msumari wa kawaida mpaka uangalie mwili. Hesabu ya kweli ya kiganja kile ikawa hivi: ya kawaida 9, ya manjanja 7, ya beto 6, ya tripleksi 4.

Matokeo

Fundi aliitoa misumari ya beto yote iliyokuwa ndoo, na akaihakiki mmoja mmoja kwa tupa kabla ya kuipiga ukutani. Ilitosha kibao chote cha pembeni na ikabaki. Kilo iliyonunuliwa ilirudishwa dukani, pakiti haikuwa imefunguliwa. Mbao tatu zilinunuliwa upya, mlango ukapigwa kwa misumari ya kawaida ya 5, na ncha zikalala bila ubishi. Ile miwili isiyo na kofia ilitupwa pamoja na mitano yenye kofia zilizoliwa, kwani msumari wa manjanja ambao zinki imekwisha hauna faida ya kuurudisha juu ya paa. Utatoa kutu, utatanua tundu, na maji yatashuka papo hapo. Jeraha la mwanafunzi lilipona bila kushonwa.

Uchambuzi: picha inaweza kusema nini

Tuanze na kichwa, kwa sababu ndicho kinachotenga aina tatu kati ya nne hata picha ikiwa mbaya. Usikitazame kwa ukubwa wake pekee. Kilinganishe na mwili wa msumari huohuo. Hapo huhitaji kipimo chochote pembeni. Kichwa cha msumari wa manjanja kina upana wa mara tano au sita ya mwili, na kimebinuka kama kifuniko cha sufuria. Cha msumari wa kawaida ni mara mbili au zaidi kidogo, bapa na chembamba. Cha msumari wa tripleksi ni mara moja na nusu hivi: ukikitazama kwa ubavu hukuti sahani iliyokaa juu ya mwili, ila mwili unaotanuka polepole kama faneli. Ndiyo maana Papa hakukosea kwa mwavuli wala kwa vile vidogo, hata kwenye doa la ukungu.

Msumari wa beto ndio unaoponyoka. Ukiutazama kutoka juu, kichwa chake ni duara la karibu mara mbili ya mwili, sawasawa na wa kawaida. Tofauti iko chini ya kichwa, na chini ya kichwa huonekana kwa ubavu tu. Kichwa cha beto ni kinene, na mara nyingi huungana na mwili kwa mteremko au mviringo badala ya kona kali. Kwenye msumari wa kawaida, kona ni kali, na chini yake kidogo kuna mistari mifupi iliyokatwa kuzunguka mwili, alama ya taya za mashine zilizoushika waya wakati kichwa kinapigwa. Mistari hiyo ukiiona, karibu umekwisha kupata jibu. Juu ya kichwa cha kawaida mara nyingi pia huwa na michoro ya kimia ili nyundo isiteleze. Ya beto nyingi ni laini. Lakini kimia kisikudanganye, watengenezaji hawafanani, na kutu hukifuta mapema.

Kwa hiyo picha iliyopigwa kutoka juu, ambayo ndiyo kila mtu hupiga kwa kawaida, inaficha kwa ukamilifu alama moja iliyohitajika hapa. Hata kamera nzuri isingesaidia kwa pembe ile.

Mwili unafuata. Ukiona mifereji iliyonyooka kwa urefu wa msumari, au misokoto minene kwenye chuma cheusi kisicho na zinki, huo ni wa beto. Ila ya beto mingine ina mwili laini mtupu, na hii sita ilikuwa ya namna hiyo. Hapo unene ndio unabaki: kwa urefu uleule, wa beto huwa mnene kuliko wa kawaida. Hii ni dalili, si hukumu, hasa kwa misumari mirefu ambako tofauti hupungua. Msokoto kwenye mwili wenye zinki unaelekea kwenye manjanja.

Ncha ya msumari wa kawaida hukatwa na visu, kwa hiyo ina nyuso nne zilizo wazi, kama almasi, na wakati mwingine ukingo mdogo wa chuma umebaki pembeni. Ya beto mara nyingi ni ndefu na ya mviringo, kama ya sindano. Kwenye misumari iliyotumika, ncha ya beto hubutuka au kumeguka lakini mwili hubaki mnyoofu. Na hili lingewasaidia sana hata kwenye picha ya kwanza: ndoo ya misumari iliyong'olewa huwa imejaa ya kawaida iliyopinda. Misumari sita myeusi, yote minyoofu kama rula, katikati ya mabaki yaliyopinda, ni jambo la kuuliza. Wa beto haupindi. Ama umenyooka, ama umekatika.

Rangi ndiyo yenye thamani ndogo kuliko zote, na bado ina kazi yake. Mwanga wa simu hung'arisha zinki mpaka ifanane na chuma kipya, na hukifanya cheusi kionekane kahawia. Mchana wa dirishani, kutu huwa na mabaka na vumbi jekundu. Weusi wa msumari wa beto hutokana na kupikwa kwa moto, na huwa sawa kutoka kichwa hadi ncha, ukiwa na mng'ao wa bluu kidogo. Papa aliona "nyeusi" akasoma "kutu". Swali la kumuuliza fundi lilikuwa jepesi: je, inaacha unga mwekundu kidoleni? Isingeacha.

Uchambuzi: mahali picha inapokomea

Ugumu wa chuma hauonekani kwa picha. Na ugumu ndio unaoamua kama msumari utakunjika au utakukata shavu. Kwa hiyo hata baada ya picha ya pili, ambayo ilikuwa nzuri, Papa hakusema "tumia". Alisema "piga tupa kwanza". Unaubana msumari kwa koleo, unapitisha ukingo wa tupa kwenye mwili mara mbili tatu. Kwenye msumari wa kawaida tupa inauma mara moja na kuacha mkato unaong'aa. Kwenye wa beto inateleza kama juu ya kioo. Kazi ya sekunde kumi kwa msumari.

Wengi huufupisha mtihani huo kwa kuukunja msumari kwa koleo mbili. Unatoa jibu, lakini ni kuleta kwa makusudi ajali ileile ya mlangoni. Anayeufanya afunike msumari kwa kitambaa kizito na avae miwani. Sumaku, ambayo kuna anayeipendekeza kila mara, haisaidii chochote. Aina zote nne ni chuma na zote zinashikwa.

Kilichofaa na kilichoharibu

Fundi alifanya vema kuuliza kabla ya kununua, na alifanya vema zaidi kutazama mkatiko badala ya kutupa kipande na kuchukua msumari mwingine. Kosa lake lilikuwa dogo lakini la mapema. Alikuwa na misumari mkononi. Angeweza kuona kwa macho yake kila kitu ambacho Papa alikuwa akikitafuta katika doa la ukungu, kama angejua cha kutazama. Picha ilihamisha uamuzi kutoka kwa mtu aliyekuwa na ushahidi kwenda kwa mtu aliyekuwa na ujuzi, na ushahidi mwingi ukapotea njiani.

Mama hakuwa na jinsi ya kujua kuwa picha ya skrini hupunguza ubora. Lakini ujumbe wake ulikosa kitu ambacho hakihitaji ujuzi wa misumari: kazi zenyewe. Hakumwambia Papa kwamba mlango utakunjwa ncha. Alisema "mlango" tu. Kwenye mlango usiokunjwa ncha, misumari ile ingepasua mbao na ingeudhi, lakini hatari ya kuruka ingekuwa ndogo.

Papa ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa ya kuzuia, na kosa lake si kutojua. Ni kwamba alitoa jibu moja kwa misumari yote 26 kwa uhakika ulio sawa. Kwa mwavuli na kwa vile vya tripleksi alikuwa na haki ya kusema bila shaka. Kwa ile myeusi alipaswa kuandika "hii siioni vizuri, nitumie kwa ubavu". Aina zisizoonekana vizuri ndizo zenye bei kubwa ya kukosea: ukimpa mtu msumari wa tripleksi kwenye kazi ya manjanja, ataona mwenyewe kabla ya kupiga nyundo, ukimpa wa beto badala ya wa kawaida, ataona baada.

Jambo la mwisho linahusu matumizi, kwa kuwa fundi alikuwa karibu kulikosa hata baada ya kuitambua misumari. Alitaka kuyatumia mabaki ya beto kushikiza ubao mwingine moja kwa moja kwenye jiwe la volkano la msingi. Msumari wa kupigwa kwa nyundo haufai hapo. Unaingia kwenye bloki na kwenye saruji ya maungio. Kwa kibao cha sentimeta 2.5, ule wa 5 unabakiza sentimeta 2.5 ndani ya ukuta, na inatosha. Kwenye jiwe lenyewe ama msumari unakatika, ama jiwe linamegeka na kuacha shimo pana kuliko msumari. Papa alimwambia ahame sentimeta chache mpaka afike kwenye ungio, au atoboe kwa mashine na kutia kigingi. Alihamia kwenye ungio.